Shoti Moja ya Skrini ya Kijani: Anza na Mandhari, Kitambaa Baadaye

Katika filamu yangu ya kwanza ya chuo kulikuwa na shoti ya msichana aliyesimama ukingoni mwa paa la ghorofa, jua likielekea kuzama. Tulimpiga mbele ya kitambaa cha kijani, ili programu ikifute kijani na kuweka mji nyuma yake. Kijani kilifutika vizuri kuliko tulivyotarajia, hata nywele zilitoka safi. Tulipomweka juu ya picha ya mji, kila aliyeiona alisema lile lile: "Mbona kama stika?" Tukakesha siku mbili tukirekebisha rangi, na stika ikabaki stika.

Kosa halikuwa kwenye kitambaa. Picha ya mji tuliipiga wiki moja baada ya kumpiga msichana, kamera ikiwa imeinamishwa kutazama barabara, mwanga wa jua ukitokea kulia. Yeye tulimpiga kwa kamera iliyonyooka, taa kubwa ikimmulika usoni. Programu inaweza kukusaidia mengi kuhusu kijani, lakini haina kitufe cha kulihamisha jua upande wa pili wa uso wa mtu.

Mwongozo huu unaifuata shoti hiyo hiyo, safari hii ikipangwa inavyotakiwa: sekunde 8, mtu mmoja kuanzia kiunoni kwenda juu, kamera imetulia, anasema sentensi moja. Kamera ni ya kawaida yenye sensa ya APS-C, lenzi ya milimita 35. Ukiwa na simu tu, hesabu ni zile zile, na nitataja panapotofautiana.

Hatua ya 1: Hakikisha unahitaji kijani

Kama shoti inaweza kupigwa mahali penyewe, nenda ukaipige huko. Hii yetu haiwezi, kwa sababu mbili. Hakuna mwigizaji anayepaswa kusimama ukingoni mwa paa kwa ajili ya mradi wa darasa. Na mwanga tunaoutaka hudumu kwa muda mfupi sana, wakati mwigizaji atahitaji teki nyingi.

Ukishaamua, iandike shoti kwenye karatasi moja kabla ya kuazima kifaa chochote: mtu anaonekana kuanzia wapi, anatazama wapi, mwanga unatokea wapi, kamera inasogea au la. Kwa mradi wa kwanza, isisogee. Ukitaka ule mtikisiko wa kamera ya mkononi, piga mandhari na mwigizaji kwa kamera iliyotulia, kisha uutie mtikisiko kwenye kompyuta baada ya kuunganisha. Ukipiga kijani kwa kamera inayosogea utahitaji kubandika alama za ufuatiliaji kitambaani, kufuata mwendo kwenye programu, na mandhari inayokubali mwendo huo. Hiyo ni kazi ya mradi mwingine.

Miguu nayo usiionyeshe. Miguu inataka sakafu ya kijani, na sakafu ya kijani inataka vivuli vinavyoeleweka. Kata kiunoni, maisha yawe mepesi.

Hatua ya 2: Piga mandhari kwanza, na upime

Hapa ndipo wengi hugeuza mpangilio, kwa sababu chumba chenye kitambaa kinapatikana Jumatatu na paa linapatikana Ijumaa. Badilisha siku. Mwanga wa chumbani unaweza kuupanga utakavyo. Mwanga wa jua huwezi. Kwa hiyo jua liseme kwanza, taa zifuate.

Panda juu ya paa saa moja na nusu kabla ya jua kuzama. Simika kamera mbali na ukingo, ndani kabisa, kwa sababu ukingo wenyewe hautaonekana kwenye fremu ya kiunoni. Kisha shughulika na kimo. Mstari wa upeo, pale mbingu inapokutana na nchi, hukaa daima kwenye kimo cha lenzi. Kamera ikiwa mita 1.3 kutoka sakafuni, basi mstari huo utampita mtu aliyesimama kwenye sakafu hiyo hiyo mahali penye mita 1.3 mwilini mwake, awe karibu au mbali. Kwa mtu wa mita 1.65 hapo ni chini kidogo ya mabega. Ukimpiga mwigizaji kwa kamera ya mita 1.7 kisha ukamweka kwenye mandhari hii, mtazamaji hatajua kosa ni nini, ila ataona mtu amekaa vibaya: ama jitu, ama anaelea.

Kwa shoti yetu nimechagua mita 1.3, kamera imenyooka bila kuinama wala kuinuka. Mstari wa upeo unapita katikati ya fremu, chini ya mabega, na haumkati mtu shingoni. Pima kimo kwa futi ya fundi kutoka sakafuni hadi katikati ya lenzi. Mwinamo upime kwa programu ya pimamaji ya simu, ukiiweka juu ya kamera. Andika namba zote mbili. Usiseme utakumbuka.

Sasa jua. Fungua dira ya simu, elekea kamera inakoelekea, soma nyuzi. Tuseme 300. Kisha geukia upande wa jua bila kulitazama moja kwa moja, soma tena. Tuseme 265. Maana yake jua lipo nyuzi 35 kushoto mwa mstari wa kamera, mbele ya kamera, yaani nyuma ya mwigizaji. Simama mbali kidogo na vyuma unaposoma dira, maana mapaa yamejaa nondo na mabati. Kwa kimo cha jua, nyoosha mkono, kunja ngumi, na hesabu ngumi ngapi zinaingia kati ya upeo na jua. Ngumi moja kwenye mkono ulionyooka ni kama nyuzi 10. Ngumi moja na nusu, basi jua lipo nyuzi 15 juu. Namba hizi mbili ndizo zitakazokuambia taa isimame wapi.

Kisha piga vipande vitatu:

Cha kwanza ni mandhari yenyewe, dakika nzima bila kugusa kamera, ingawa unahitaji sekunde 8 tu. Kuna ndege atapita, kuna gari litawaka taa, utataka kuchagua. Ipige kali, yaani f/8 hivi na fokasi ya mbali. Ukungu wa lenzi unaweza kuuongeza baadaye, kuupunguza huwezi.

Cha pili ni mandhari hiyo hiyo, fremu ile ile, lakini fokasi ukiivuta hadi mita 2.65, mahali atakaposimama mwigizaji, na lenzi kwenye f/4. Hiki hutakitumia kwenye filamu. Kazi yake ni kukuonyesha mji ungekuwa na ukungu kiasi gani kama kweli mtu angesimama pale, ili usiubahatishe.

Cha tatu ndicho ninachokisisitiza kuliko vyote. Mwambie rafiki yako asimame mita 2.65 mbele ya kamera, ndani ya paa na mbali na ukingo, akiwa amevaa nguo ya rangi ile ile ya mwigizaji. Mpige sekunde 10. Ageuze uso kushoto, kulia, atazame mbele. Kama kuna kadi ya kijivu au kadi ya rangi, aishike kifuani. Kipande hiki ni jibu la mtihani: kinakuonyesha kivuli cha pua kinaangukia wapi, ukingo wa bega umewaka kiasi gani, upande wa giza wa uso una giza kiasi gani. Siku ya kijani utakifungua kwenye kompyuta pembeni ya kamera na kupanga taa hadi mwigizaji wako afanane nacho.

Mizani ya weupe iwe ya mkono, 5600K, usiiache kwenye AWB. Kamera ikijichagulia yenyewe itajaribu kuiondoa ile rangi ya machungwa uliyoipandia ngazi.

Hatua ya 3: Hesabu ya chumba

Swali la kwanza la wanafunzi huwa "kitambaa kiwe kikubwa kiasi gani?" Jibu linatoka kwenye hesabu moja ya kugawanya. Upana unaoonekana kwenye fremu ni upana wa sensa mara umbali, gawanya kwa milimita za lenzi. Sensa ya APS-C inapopiga video ya 16:9 ina upana wa karibu milimita 23.5 na kimo cha karibu milimita 13.2.

Mwigizaji akiwa mita 2.65 kutoka kwenye kamera, kimo cha fremu pale alipo ni 13.2 × 2.65 ÷ 35, yaani mita 1. Kamera ikiwa kwenye mita 1.3, fremu inaanzia sentimita 80 kutoka sakafuni hadi mita 1.8. Hiyo ni kiuno hadi juu ya kichwa, na nafasi kidogo ya mbingu.

Sasa kitambaa. Kiweke mita 2.5 nyuma ya mwigizaji, yaani mita 5.15 kutoka kwenye kamera. Upana wa fremu pale ni 23.5 × 5.15 ÷ 35, karibu mita 3.5. Lakini huhitaji kitambaa cha mita 3.5. Kijani kinatakiwa nyuma ya mwili tu. Kingine chote, kuta, stendi za taa, utakikata kwa kuchora mpaka mkubwa kwenye programu. Mwigizaji ambaye mikono yake haitoki nje ya upana wa mita 1 anahitaji kijani cha karibu mita 2 pale nyuma. Kitambaa cha mita 3 kinatosha na kubaki. Kwa kimo, kinatakiwa kianzie kama sentimita 30 kutoka sakafuni hadi mita 2.3.

Usiiamini hesabu peke yake. Kamera nyingine hukata sehemu ya sensa zinapopiga 4K, na lenzi ile ile ikaona eneo dogo zaidi. Siku moja kabla, simama mahali atakaposimama mwigizaji na futi ya fundi mkononi, piga, uone kama mita 1 ni mita 1.

Kwa nini mita 2.5 zote hizo? Kwa sababu kitambaa kilichowashwa ni taa kubwa ya kijani. Mwigizaji akikisogelea, kijani kinamrukia mabegani, kwenye masikio na chini ya kidevu, na programu haijui kama hicho ni kitambaa au ngozi. Chumba kikiwa kifupi, afadhali umkate mtu kifuani na kulinda umbali huo kuliko kung'ang'ania kiuno. Na sehemu ya kitambaa ambayo haiko nyuma ya mwili wake, ifunike kwa nguo nyeusi. Kijani kisichofanya kazi kinaleta hasara tu.

Hatua ya 4: Nguo na nywele

Haraka haraka: hakuna kijani, hata cha maji ya bahari, hakuna vitu vya kung'aa, maana hereni ya fedha ni kioo kinachoonyesha kitambaa, miwani ikiwezekana iachwe. Kama vazi lazima liwe la kijani, tumia kitambaa cha bluu, ila fahamu kwamba sensa za kawaida zina vihisi viwili vya kijani kwa kila kimoja cha bluu na kimoja cha nyekundu, kwa hiyo bluu hutoka na chembechembe nyingi zaidi.

Nywele zinazopeperuka ndizo mtihani mkubwa, na juu ya paa kuna upepo. Ukitumia feni, iwe kasi ya chini, upande ule ule uliouona kwenye kipande cha rafiki yako. Kelele yake itaharibu sauti, basi mwigizaji arudie sentensi yake mara kadhaa feni ikiwa imezimwa.

Hatua ya 5: Kamera, na faili lenyewe

Kamera nyingi za wanafunzi huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhi moja tu kwa kila kundi la pikseli nne. Jicho halilalamiki. Anayelalamika ni yule anayefuta kijani, kwa sababu kazi yake yote inategemea rangi, na rangi yenyewe ni nusu ya picha kwa upana na nusu kwa kimo. Ndiyo sababu kingo hutoka na ngazi ngazi. Dawa ya bei nafuu ni kupiga 3840 × 2160 na kumalizia filamu kwenye 1920 × 1080. Ukiipunguza picha, kila pikseli iliyobaki inakuwa na rangi yake.

Chagua kiwango kikubwa kabisa cha data ambacho kamera inatoa. Punguza ukali wa picha hadi mwisho kwenye menyu, maana ukali wa kamera huchora mstari mweusi au mweupe kuzunguka mwili, na mstari huo hautoki. Kama kamera ni ya biti 8, usitumie rangi ya log, ile picha iliyofifia inayosubiri kurekebishwa baadaye. Tumia ya kawaida na upange mwanga vizuri. ISO iwe ya chini inavyowezekana. Lenzi iwe f/4 hadi f/5.6 ili pua na masikio vyote viwe ndani ya fokasi. Kwa fremu 25 kwa sekunde, shata iwe 1/50.

Kwenye simu, funga fokasi, mwangaza na mizani ya weupe. Zima HDR, zima urembo wa ngozi, zima kinga ya mtikisiko, kwa sababu hiyo huikata na kuipinda fremu hata simu ikiwa kwenye stendi. Simu pia zina tabia ya kubadilisha idadi ya fremu kimya kimya. Piga jaribio la dakika moja nyumbani, kisha liulize faili kwenye kompyuta kwa ffprobe, programu inayosoma taarifa za video:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 \
  -show_entries stream=pix_fmt,r_frame_rate,avg_frame_rate \
  -of default=nw=1 jaribio.mov
```

Ukiona `yuv420p`, ndiyo ile rangi moja kwa pikseli nne niliyoisema. Kama `r_frame_rate` ni `25/1` na `avg_frame_rate` ni namba nyingine, simu inachezea fremu, na unatakiwa utafute programu ya kamera inayokuruhusu kuzifunga.

Hatua ya 6: Taa, kwa mpangilio huu

Washa kitambaa kwanza, mwigizaji akiwa bado anakunywa chai. Kinyooshe, kivute kwa vibanio pande zote, mikunjo ipigwe pasi au mvuke; kila mkunjo una upande wa mwanga na upande wa kivuli, na programu inaviona kama vijani viwili tofauti. Weka taa mbili, kushoto na kulia, kila moja ikimulika kwa mshazari kuelekea upande wa mbali wa kitambaa ili zipishane.

Kupima usawa bila mita: isogeze kamera hadi fremu nzima iwe kijani, poteza fokasi kwa makusudi, fungua histogramu, ile grafu ya mwangaza kwenye kamera. Kilima kimoja chembamba ni kitambaa sawa. Kilima kipana kinakwambia kuna pembe yenye giza. Vilima viwili, taa moja ina nguvu kuliko mwenzake. Sogeza taa, tazama kilima kikinywea. Ni dakika 20 za kuchosha ambazo hakuna anayezipiga picha, lakini zinaokoa usiku mzima wa uhariri.

Usikiwashe sana. Kilenge nusu ya stopu hadi stopu moja chini ya mwanga wa uso. Stopu moja ni nusu ya mwanga. Kwenye kamera inayoonyesha mwangaza kwa asilimia, kijani kikae karibu asilimia 50. Wanafunzi hufikiri kijani kinachong'aa ndicho kizuri. Kijani kinachong'aa kinapoteza rangi na kumrukia mwigizaji.

Sasa zima taa za kitambaa, na umwekee mwigizaji jua lake. Kwenye paa jua lilikuwa nyuma kushoto, nyuzi 35 kutoka mstari wa kamera. Weka taa ya jua mita 3 kutoka kwa mwigizaji, kwa pembe hiyo: inaangukia karibu mita 1.7 kushoto na mita 2.5 nyuma yake, yaani kwenye ukingo wa kitambaa kabisa. Stendi ikionekana kwenye fremu, usijali, utaikata. Kwa nyuzi 15 za kimo, taa inakaa kama sentimita 80 juu ya uso wake, karibu mita 2.4 kutoka sakafuni. Taa hii iwe kali, isifunikwe na chochote, na rangi yake iwe 3200K wakati kamera imebaki 5600K. Hapo ndipo rangi ya machungwa inapopatikana. Chunga isimulike kitambaa.

Unabaki mwanga wa anga. Mbele kulia simamisha kitambaa cheupe kikubwa, shuka la kitanda linafaa, na umulike taa ya 5600K kupitia hapo. Ongeza na punguza hadi upande wa giza wa uso ulingane na wa rafiki yako juu ya paa.

Mara nyingi hapo hutokea mazungumzo haya. Mwongozaji anaangalia kioo na kusema, "Uso una giza, ongeza mbele." Mpiga picha mwenye kipande cha tatu anajibu, "Hebu njoo uone paa kwanza, bosi." Wanaviweka pembeni kwa pembeni, na uso wa paa una giza kuliko alivyokumbuka. Kumbukumbu ya macho hudanganya. Ushahidi uwe mezani.

Washa kitambaa tena, uangalie kama taa zake hazimgusi mwigizaji. Bandika alama ya tepu sakafuni miguuni pake.

Hatua ya 7: Vya kurekodi kabla ya mtu yeyote kuondoka

Teki zenyewe bila shaka. Mwache mwigizaji asimame kimya sekunde 3 kabla na 3 baada ya sentensi, ili mhariri apate mahali pa kukata.

Mara tu teki nzuri ikipatikana, mwigizaji atoke kwenye fremu na kamera iendelee kurekodi sekunde 10. Hii ndiyo fremu tupu: kitambaa kile kile, taa zile zile, mwangaza ule ule, bila mtu. Programu ikiwa nayo inajua kila doa na kila mkunjo wa kitambaa chako, na inaweza kuvitoa. Ukiipiga baada ya chakula, mtu akiwa ameshagusa taa, haina thamani. Ukibadilisha fremu au taa, piga nyingine.

Kisha mwigizaji arudi kwenye alama akiwa ameshika kadi ya kijivu, kwanza ikitazama kamera, halafu ikiwa imegeuzwa hadi iguswe na mwanga wa taa ya jua. Ile ya kwanza inakupa rangi ya mwanga wa mbele, ya pili inakupa ya nyuma. Kisha ageuze uso kushoto na kulia, kama rafiki yako alivyofanya paani. Sasa una vipande viwili vinavyolinganishika.

Sauti ya chumba, sekunde 30, watu wote kimya. Halafu picha ya simu ya seti nzima kutoka pembeni, ikionyesha kamera, mwigizaji, taa na kitambaa. Siku ukilazimika kurudia shoti, picha hiyo ni ramani.

Mwisho, karatasi. Yetu ilisomeka hivi: lenzi 35 mm, sensa APS-C, kimo mita 1.3, mwinamo 0, kamera hadi mtu mita 2.65, mtu hadi kitambaa mita 2.5, f/4, ISO 400, shata 1/50, fremu 25, WB 5600K, taa ya jua 3200K kushoto nyuma nyuzi 35. Chini yake, namba za teki na ipi imependwa. Ipige picha karatasi hiyo pia, karatasi hupotea.

Hatua ya 8: Futa kijani kabla ya kufungua kitambaa

Usiruhusu mtu akunje kitambaa hadi teki moja ijaribiwe. Kompyuta yenye DaVinci Resolve ya bure inatosha: ingiza teki kwenye ukurasa wake wa Fusion, tumia kifaa cha kufuta kijani kiitwacho Delta Keyer, chagua kijani, kisha itazame alfa peke yake, ile picha ya nyeusi na nyeupe. Mwili uwe mweupe mtupu, kitambaa kiwe cheusi kitupu. Kijivu ndani ya bega ni kijani kilichomrukia, basi msogeze mbele au funika kitambaa zaidi. Kijivu nyuma yake ni mkunjo au kona yenye giza. Mashimo kwenye mkono unaosogea ni chembechembe, kitambaa kina giza mno au ISO ipo juu.

Halafu mweke juu ya mandhari, na hapa acha kuangalia kingo. Ondoa rangi yote, ibaki nyeusi na nyeupe, na urudi nyuma hatua tatu kutoka kwenye kioo. Majengo ya mbali yana vumbi la hewa mbele yake, kwa hiyo weusi wao umefifia. Mwigizaji aliye karibu anatakiwa awe na weusi mzito kuliko wao. Mstari wa upeo unampita chini ya mabega? Ukingo uliowaka upo kushoto, kama ule wa rafiki yako? Ukiweka kipande cha tatu na hiki kimoja juu ya kingine na kuwasha na kuzima, macho yasirukeruke.

Kwenye shoti yetu ya pili jaribio hili lilitushika kwa jambo dogo. Alfa ilikuwa safi, kimo sawa, mwanga sawa, ila msichana bado alikuwa anaonekana mgeni pale. Ikatuchukua muda kugundua kwamba alikuwa akitazama lenzi ya kamera huku rafiki yetu kule paani akiwa amekunja macho kidogo kwa sababu ya upepo. Tukawasha feni ndogo ikimpuliza usoni, tukapiga teki mbili zaidi na fremu tupu nyingine, tukajaribu tena. Baada ya hapo ndipo tulipofungua vibanio.